Kwa nini pesa ya uzazi ya Uingereza hushuka wiki ya saba

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina binti, dada au wifi anayefanya kazi Uingereza, wengi wao wakiwa walezi kwenye nyumba za wazee au wauguzi hospitalini. Akijifungua, kinachofuata hufanana karibu kila nyumba. Picha za mtoto zinafika, dua zinasomwa, na baada ya mwezi mmoja au miwili pesa iliyokuwa ikitumwa kila mwisho wa mwezi inapungua ghafla. Nyumbani watu huanza kutafuta sababu. Wapo wanaosema mume kamfunga mikono, wapo wanaosema keshasahau kwao. Mara nyingi sababu iko kwenye hesabu ya mshahara wake tu, na hesabu hiyo ilifungwa miezi mingi kabla mtoto hajazaliwa.

Ugumu wa kuielewa unatokana na tulichokizoea hapa. Sheria ya kazi ya Zanzibar humpa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi yenye mshahara kamili. Likizo ni ya takriban miezi mitatu, kisha mtu anarudi kazini. Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia kwamba Uingereza mama mzazi hupumzika mwaka mzima, hudhani ni mwaka mzima wa mshahara. Sivyo. Likizo yenyewe inaweza kufika wiki 52, lakini malipo ya kisheria, ambayo kwenye hati ya mshahara huandikwa SMP, ni ya wiki 39 tu, na hizo nazo zimegawanywa sehemu mbili zisizolingana. Wiki 6 za mwanzo mama hulipwa asilimia 90 ya wastani wa mapato yake, bila kikomo cha juu. Wiki 33 zinazofuata hulipwa kiwango kimoja kilichowekwa na serikali, au asilimia 90 ya wastani wake ikiwa hiyo ndiyo ndogo. Wiki 13 za mwisho, kama ataamua kuzichukua, hazina kitu.

Wiki 6 ni siku 42. Ni arubaini na siku mbili. Mwanamke anayeanza likizo siku ile ile anayojifungua atatoka arubaini huku pesa nzuri nayo inamalizika. Anayeanza likizo kabla ya kujifungua, kama wengi wanavyofanya, pesa nzuri itamkatikia akiwa bado ndani.

Sasa swali ni wastani wa nini, na wa lini. Hapa ndipo penye mambo, na hapa ndipo wanawake wetu wengi hupoteza au hupata mamia ya pauni bila kujua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tumwite Salma, mzaliwa wa Wete, mlezi katika nyumba ya wazee mjini Leicester. Ameanza kazi hapo Septemba 2023. Analipwa kwa saa, kima cha chini cha kisheria, ambacho mwaka 2024 kilikuwa pauni 11.44. Mshahara wake huingia tarehe 28 ya kila mwezi. Mkunga amemwambia atajifungua Jumatano, tarehe 12 Machi 2025.

Hatua ya kwanza ni kutafuta wiki ambayo mtoto anatarajiwa. Kwa mambo haya Waingereza huhesabu wiki kuanzia Jumapili hadi Jumamosi, kwa hiyo wiki ya Salma inaanza Jumapili tarehe 9 Machi. Kutoka hapo mtu anarudi nyuma wiki 15, na anafika Jumapili tarehe 24 Novemba 2024. Wiki hiyo, ya tarehe 24 hadi 30 Novemba, nitaiita wiki ya kipimo. Mambo mawili hupimwa hapo. La kwanza ni kama amekuwa na mwajiri huyo huyo kwa wiki zisizopungua 26 mfululizo hadi kuifikia wiki hiyo. Salma ana zaidi ya mwaka, kapita. La pili ni kama wastani wa mapato yake unafika kima fulani cha chini, ambacho mwaka huo kilikuwa pauni 123 kwa wiki. Hilo nalo atalipita, lakini lazima wastani upatikane kwanza.

Na wastani hautoki kwenye mwaka mzima, wala kwenye mshahara ulioandikwa kwenye mkataba. Unatoka kwenye kipindi kifupi cha kama wiki nane. Kipindi hicho huishia siku ya mwisho ya mshahara iliyoangukia kabla au siku yenyewe ya Jumamosi ya wiki ya kipimo. Kwa Salma siku hiyo ni tarehe 28 Novemba. Kisha unarudi nyuma wiki zisizopungua nane hadi ukutane na siku nyingine ya mshahara. Wiki nane kabla ya tarehe 28 Novemba ni tarehe 3 Oktoba, na siku ya mshahara iliyo nyuma ya hapo ni ya mwisho wa Septemba. Kipindi huanza siku inayofuata. Kwa hiyo mishahara inayohesabiwa ni miwili tu, ule ulioingia tarehe 28 Oktoba na ule ulioingia tarehe 28 Novemba. Miezi yote mingine aliyofanya kazi haina uzito wowote hapa.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, mishahara hiyo miwili hujumlishwa, ikazidishwa kwa 6 ili iwe ya mwaka, ikagawanywa kwa 52:

```
(mshahara 1 + mshahara 2) x 6 / 52
```

Kinachojumlishwa ni mshahara kabla ya kodi na makato. Ovataimu imo, bonasi imo, malipo ya shifti za usiku yamo, hata pesa ya ugonjwa imo, ilimradi viwe vimelipwa ndani ya kipindi hicho. Neno la kushika ni "vimelipwa". Saa zilizofanywa mwishoni mwa Septemba zikalipwa Oktoba zinahesabiwa. Saa zilizofanywa mwishoni mwa Novemba zikalipwa Desemba hazihesabiwi. Kama ofisi ya Salma hufunga daftari la saa tarehe 15 ya kila mwezi, basi ovataimu yenye faida kwake ni ile ya kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Novemba. Akijitutumua wiki mbili za mwisho za Novemba akidhani anajaza kibubu cha uzazi, amelipwa saa zake, lakini wastani haujaguswa.

Tuseme kwa kawaida Salma hufanya saa 175 kwa mwezi. Oktoba amelipwa saa hizo hizo, yaani pauni 2,002. Mwezi wa Oktoba wenzake wawili waliumwa, akaingia shifti za ziada, na mshahara wa Novemba ukaja wa saa 215, yaani pauni 2,459.60. Jumla ni pauni 4,461.60. Ukizidisha kwa 6 na kugawa kwa 52, wastani wa wiki ni pauni 514.80, na asilimia 90 yake ni pauni 463.32. Hicho ndicho atakacholipwa kila wiki kwa wiki 6 za mwanzo.

Bila zile saa 40 za ziada, wastani wake ungekuwa pauni 462 na asilimia 90 yake pauni 415.80. Tofauti ni pauni 47.52 kwa wiki, na kwa wiki 6 ni pauni 285.12. Yaani shifti zile zilimlipa mara mbili, mara ya kwanza zilipofanywa na mara ya pili kwenye uzazi. Sisemi mjamzito wa miezi mitano aende akajiue kwa kazi ya kunyanyua wazee. Lakini kama shifti zipo na mwili unaruhusu, kuzichukua Julai si sawa na kuzichukua Oktoba.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana huu ndio unaowaumiza watu wetu. Oktoba hiyo hiyo kuna harusi Wete, au Mungu apishe mbali kuna msiba, na Salma ameomba likizo bila malipo akaja Pemba. Mshahara wa Oktoba unaingia wa saa 75 tu, wa Novemba saa 175. Jumla ni pauni 2,860, wastani ni pauni 330, na asilimia 90 ni pauni 297. Ukilinganisha na pauni 415.80 za miezi ya kawaida, amepoteza pauni 118.80 kila wiki, sawa na pauni 712.80 kwa wiki 6. Safari ile ile ingefanyika Agosti isingegusa hata senti ya malipo ya uzazi. Na angekuja kwa siku zake za likizo ya mwaka zenye malipo, hata Oktoba ingekuwa salama, kwa sababu mshahara ungebaki mzima. Kwa hiyo familia inapomsisitiza aje, ni busara kumwuliza kwanza miezi yake miwili ni ipi.

Ugonjwa nao hufanya vivyo hivyo, na wajawazito huumwa. Mlezi ambaye mkataba wake hautoi zaidi ya pesa ya ugonjwa ya kisheria, mwaka huo alipata pauni 116.75 kwa wiki badala ya mshahara. Akilala wiki tatu ndani ya kipindi cha hesabu kwa kutapika na presha, wastani unashuka naye. Mtu anaweza kuona si haki, na mimi naona hivyo hivyo, lakini kanuni haiulizi kwa nini mapato yameshuka. Mtego mwingine umejificha zaidi. Waajiri wengine wana mipango ambayo mfanyakazi hukubali kupunguziwa mshahara ili apewe kitu kingine, kama gari au mchango mkubwa wa pensheni. Kilichopunguzwa huko hakihesabiki tena kama mshahara, na wastani hukokotolewa kwenye kilichobaki. Aliye ndani ya mpango wa namna hiyo amwulize mhasibu wa mishahara kabla kipindi hakijaanza, maana kikishaanza hakuna cha kurekebisha.

Likizo ya Salma imeanza Jumapili tarehe 23 Februari 2025, wiki mbili na siku chache kabla ya tarehe ya mkunga. Angeweza kuanza mapema zaidi, hadi wiki 11 kabla ya wiki ya kujifungua, lakini kila wiki anayoitanguliza ni wiki moja ya pesa nzuri inayotumika kabla mtoto hajaonekana. Wiki zake 6 zinamalizika Jumamosi tarehe 5 Aprili. Tuseme mtoto kaja siku ile ile ya tarehe 12 Machi. Arubaini yake haijatimia hadi tarehe 20 hivi Aprili, na tayari malipo yameshashuka.

Yameshuka hadi wapi? Kuanzia tarehe 6 Aprili 2025 kiwango cha serikali kilikuwa pauni 187.18 kwa wiki. Kabla ya hapo kilikuwa pauni 184.03. Kiwango hiki hubadilishwa kila Aprili, na aliye katikati ya likizo hupandishiwa naye kuanzia hapo. Kwa Salma imesadifu kwamba wiki yake ya saba inaanza siku ile ile ya kiwango kipya, kwa hiyo hatakiona cha zamani kabisa.

Kwa wiki 33 atapata jumla ya pauni 6,176.94. Zile 6 za mwanzo zilimpa pauni 2,779.92. Ukitazama kwa jicho la mwezi, mtu aliyezoea kupata pauni 2,002 kabla ya makato sasa anapata kama pauni 811. Kodi ya nyumba ya Leicester haijashuka, wala nauli, na nepi ni gharama ambayo mwaka jana haikuwepo. Katika hali hiyo, akimtumia mama yake nusu ya alichokuwa akituma, kwa kweli anatuma fungu kubwa zaidi la mapato yake kuliko zamani.

Kuna afueni moja ndogo. SMP hukatwa kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa kama mshahara wowote. Lakini pauni 187.18 kwa wiki ziko chini ya kiasi ambacho makato hayo huanzia, kwa hiyo kwa mwenye kazi moja na msimbo wa kodi wa kawaida, karibu zote humfikia mkononi. Pengo la mkononi ni dogo kidogo kuliko pengo la kwenye karatasi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hata ofisi za mishahara hulisahau. Tumesema wastani hufungwa Novemba. Kwa upande wa kushuka ni kweli kabisa umefungwa. Salma akipunguziwa saa Januari kwa sababu tumbo limekuwa kubwa, malipo yake ya uzazi hayapungui. Hata akiacha kazi au akiachishwa baada ya wiki ya kipimo, mwajiri yule yule bado anadaiwa SMP yake yote. Lakini kwa upande wa kupanda, mlango uko wazi. Mshahara ukipanda wakati wowote kuanzia mwanzo wa kipindi cha hesabu hadi siku ya mwisho ya likizo ya uzazi, wastani lazima ukokotolewe upya kana kwamba mshahara huo mpya ulikuwepo tangu mwanzo wa kipindi.

Haki hii ililetwa na mwanamke mmoja, Michelle Alabaster, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya fedha ya Woolwich. Alipandishiwa mshahara Desemba 1995, akaanza likizo ya uzazi Januari 1996, na malipo yake yakakokotolewa kwa mshahara wa zamani kwa sababu miezi ya hesabu ilikuwa imeshapita. Alishtaki. Kesi ilifika Mahakama ya Ulaya, ambayo mwaka 2004 iliamua kwamba nyongeza yake ilipaswa kuingizwa kwenye hesabu. Mwaka 2005 kanuni za Uingereza zikabadilishwa ziseme hivyo, na zimebaki hivyo hata baada ya nchi hiyo kujitoa Umoja wa Ulaya.

Kwa Salma hili si jambo la mahakamani tu. Tarehe 1 Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kilipanda kutoka pauni 11.44 hadi pauni 12.21 kwa saa. Siku hiyo yuko nyumbani na mtoto wa wiki tatu, na yuko kwenye wiki yake ya sita. Mhasibu anatakiwa arudi kwenye zile saa 390 za Oktoba na Novemba na azipigie hesabu kwa 12.21. Zinakuwa pauni 4,761.90, wastani pauni 549.45, na asilimia 90 pauni 494.51. Yaani kila wiki kati ya zile 6 alipunjwa pauni 31.19, na anadai pauni 187.14. Ni karibu sawa na wiki nzima ya malipo ya serikali. Deni hili lipo hata kama wiki 6 zimeshapita, na lingekuwepo hata kama nyongeza ingekuja Novemba 2025, almuradi bado yuko likizo. Nyongeza haiuongezi upande wa wiki 33 kwa mtu wa mapato yake, kwa sababu huko analipwa kiwango cha serikali, si asilimia.

Walezi wengi wanaolipwa kima cha chini hupandishiwa kila Aprili, na likizo ikichukuliwa yote inafika mwaka mzima. Maana yake ni kwamba karibu kila mmoja wao hukutana na Aprili moja ndani ya likizo yake, na karibu kila mmoja ana deni dogo la namna hii. Kujua kama limelipwa ni rahisi. Atoe hati za mshahara za mwezi wa Aprili na Mei aangalie mstari wa SMP. Kama hakuna kiasi cha nyongeza ya nyuma, aandike barua pepe fupi ya kuomba kuonyeshwa hesabu ya wastani baada ya nyongeza ya mshahara. Hakuna sababu ya kuona haya. Mwajiri hurudishiwa na serikali asilimia 92 ya SMP aliyolipa, na mwenye biashara ndogo hurudishiwa yote na ziada kidogo. Mwajiri akikataa, mamlaka ya mapato, HMRC, ina kitengo cha migogoro ya malipo haya na hutoa uamuzi.

Wengine huogopa kudai kwa sababu ya viza. Mwenye viza ya kazi yenye sharti la kutotumia fedha za umma hudhani akipokea pesa ya uzazi atakuwa amevunja sharti. SMP haimo kwenye orodha ya fedha hizo. Ni malipo yanayotokana na ajira yake na anaruhusiwa kuyapokea. Ambaye hakutimiza masharti ya SMP, pengine kwa kuwa alibadilisha mwajiri akiwa tayari mjamzito, anapaswa kupewa na mwajiri fomu ya SMP1, na kwa fomu hiyo anaomba posho ya uzazi serikalini. Hiyo nayo ni ya hadi wiki 39 na haimo kwenye orodha ya makatazo.

Wauguzi wa hospitali za serikali, NHS, wana mambo yao. Mwenye utumishi wa mwaka mmoja wa huko hupata kwa mkataba wiki 8 za mshahara kamili, kisha wiki 18 za nusu mshahara pamoja na SMP juu yake, kisha wiki 13 za SMP peke yake. Kwao pesa haianguki wiki ya saba, bali hushuka ngazi kwa ngazi. Lakini wanatakiwa warudi kazini kwa miezi mitatu angalau. Asiyerudi anaweza kudaiwa ile ziada ya mkataba. SMP yenyewe hairudishwi.

Lililobaki ni kuhusu kufanya kazi ndani ya likizo, maana pesa ikishuka ndipo vishawishi vinapoanza. Salma anaruhusiwa kwenda kazini kwake siku 10 bila kupoteza SMP, kama yeye na mwajiri wamekubaliana. Hata saa mbili za mafunzo huhesabiwa siku nzima. Siku ya 11 humkosesha SMP ya wiki hiyo. Malipo ya siku hizo ni ya mapatano, kwa hiyo aulize kabla ya kwenda kama atalipwa juu ya SMP au SMP itahesabiwa kuwa ndani yake, kwani waajiri hutofautiana.

Lakini hatari kubwa ni wakala wa shifti. Rafiki anapiga simu, kuna shifti mbili za wikiendi katika nyumba nyingine ya wazee, mama mkwe yupo wa kumshika mtoto, na pauni mia mbili zitapatikana. Kanuni inasema hivi. Baada ya kujifungua, mwanamke akifanya kazi kwa mwajiri ambaye hakuwa mwajiri wake katika wiki ya kipimo, SMP yake inakoma, si kwa wiki hiyo tu, bali kwa kipindi chote kilichobaki. Shifti mbili za mwezi wa Juni zingemgharimu Salma zaidi ya miezi mitano ya pauni 187.18. Ambaye tayari alikuwa ameajiriwa kwa wakala huyo Novemba hana tatizo hilo, na kama huko pia alitimiza yale masharti mawili ya wiki ya kipimo, anaweza hata kuwa na SMP mbili, moja kwa kila mwajiri. Ndiyo maana mlezi wa kazi mbili hapaswi kuiacha ile ndogo kabla wiki ya kipimo haijapita.

Malipo ya Salma yanamalizika Jumamosi tarehe 22 Novemba 2025. Likizo yake inaweza kuendelea bila malipo hadi tarehe 21 Februari 2026. Siku za likizo ya mwaka, ambazo kisheria ni wiki 5.6 kwa mwaka, zimekuwa zikimlimbikia muda wote huo kama vile alikuwa kazini. Wengi humaliza likizo ya uzazi SMP inapokwisha, kisha huchukua siku hizo kwa mshahara kamili kabla ya kuingia shifti ya kwanza. Kama kuna safari ya kumleta mtoto Wete aonwe na bibi yake, wiki hizo ndizo zenye mshahara.